Mkataba wa siri na tovuti ya bure ya kutafsiri

"Bosi anataka mkataba wa mzabuni kwa Kiswahili leo. Nikiubandika tovuti ya bure kuna ubaya?"

Habari mkuu. Upo. Mwaka 2017 NRK, shirika la utangazaji la Norwe, iliripoti kuwa maandishi ya wafanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Statoil yaliyopitishwa tovuti ya kutafsiri ya Translate.com yalionekana kwa kutafuta Google tu, hadi barua za kufukuza kazi.

Angalia kwanza kifungu cha usiri. Kama kinakataza kumwonyesha mtu wa nje, apewe mtafsiri aliyesaini kutunza siri.

Kama hakikatazi, fanyia kazi nakala. Kwenye Word bonyeza Ctrl+H: jina la mzabuni liwe MZB1, bei iwe KIASI1, akaunti AKT1. Orodha ya vifupisho ibaki ofisini. Tafsiri ikirudi, rudisha majina, kisha isome sambamba na mkataba halisi. Katazo la "shall not" la Kiingereza likipotea kwenye tafsiri, umeumia.