Swali la oda ya mwisho, kabla hujamtajia mwenye duka bei ya tovuti

Kwa miaka kadhaa niliyotengeneza tovuti hapa Kampala, nilikuwa nikianza mazungumzo na mteja kwa swali ambalo sasa siliulizi tena: «Ungependa tovuti yako iwe na nini?» Mwenye biashara akiulizwa hivyo hutaja alivyoviona kwenye tovuti za wengine, nami nikapiga hesabu juu ya orodha hiyo, nikatoa bei, kisha katikati ya kazi tukagundua sote wawili kwamba nusu ya tulivyokubaliana havihusiani na namna anavyouza. Siku hizi naanza na oda ya mwisho. Namwomba anisimulie mteja wa mwisho aliyenunua bila kufika dukani, tangu alipouliza hadi mzigo ulipomfikia, na ninamwomba afungue simu yake tuyasome mazungumzo hayo pamoja, kwa sababu kumbukumbu huruka hatua na simu hairuki.

Mfano ulionifundisha thamani ya swali hili ni wa mama mmoja anayeuza vitenge kwa jumla Kikuubo, ambaye hapa nitamwita Hajati. Aliniita akitaka duka kamili la mtandaoni, lenye kikapu na malipo ya MTN MoMo na Airtel Money, na alitaka bei siku hiyohiyo. Nilimwomba subira. Nikamwambia, «Hajati, nionyeshe kwanza oda yako ya jana.»

Mnunuzi alikuwa mama wa Arua aliyeona picha kwenye hali ya WhatsApp ya Hajati, akauliza kama kitenge kile kipo cha rangi nyingine. Hajati alimtuma kijana wa stoo akapige picha majora yaliyobaki, kwa kuwa nakshi zake nyingi huja mara moja na hazirudi. Mnunuzi akachagua vipande vinane vya yadi sita, akaomba apunguziwe, na Hajati akampa bei ya mtu anayechukua zaidi ya vitano. Pesa zikatumwa kwa simu. Mzigo ukapelekwa kwenye basi la Arua, na hapo ndipo nauli yake ilipojulikana, baada ya mwenye basi kuunyanyua na kuutazama. Mwisho kijana alituma picha ya risiti ya basi, na mnunuzi akatuma nauli peke yake.

Nilimsomea Hajati hatua hizo polepole, nikamwonyesha sehemu tatu ambazo kikapu kingekwama. Kikapu kinahitaji kujua idadi iliyobaki, na stoo yake haina daftari la idadi, kwa hiyo mtu angelipia kitenge kilichouzwa asubuhi dukani, kisha Hajati atafute namna ya kurudisha pesa na abebe gharama ya kuzituma. Kinahitaji bei moja au kanuni ya bei, naye hupatana. Tena kinahitaji gharama ya usafirishaji kabla ya kulipa, wakati yeye huijua baada ya kulipwa. Kila moja ya hizi inaweza kutatuliwa, ila utatuzi wake ni kubadilisha uendeshaji wa duka, na hiyo ni kazi ya Hajati na watu wake kabla ya kuwa yangu.

Nikampendekezea ukurasa wa picha za vitenge, kila kimoja na namba yake, bei ya kipande kimoja na bei ya kuanzia vipande vitano, pamoja na kitufe kinachofungua WhatsApp kikiwa na ujumbe uliokwisha kuandikwa:

```
https://wa.me/2567XXXXXXXX?text=Naulizia%20kitenge%20K-047
```

Namba ya simu huandikwa na 256 mbele, bila alama ya kujumlisha wala sifuri. Kazi ya namna hii niliikadiria siku tisa. Duka kamili, pamoja na kuunganisha malipo na kuyajaribu, ningelikadiria wiki sita. Angalia kwamba angekuwa muuzaji wa vitabu vya shule, vyenye bei iliyoandikwa na vinavyojazwa upya kila muhula, masimulizi yake yangenielekeza kwenye kikapu bila wasiwasi.

Swali la pili nalitoa hapohapo: ni nani atakayeondoa kitenge kilichoisha, na kwa kifaa gani? Jibu la «tutaona» lina gharama, kwa sababu litakurudia wewe kila Ijumaa jioni. Hajati alimtaja kijana wa stoo, na kompyuta hawana. Basi sehemu ya kupakia picha ilibidi itumike vizuri kwenye simu ya kawaida, na jambo hilo niliingiza kwenye bei. Nilimwomba kijana apige picha moja mbele yangu. Alipiga chini ya taa nyeupe ya dukani, na buluu ya kitenge ikatoka kama kijani, Hajati akaguna, akasema, «Mwanangu, hiki ndicho kilichorudishwa kutoka Mbale.» Tukahamia mlangoni kwenye mwanga wa mchana, rangi ikakaa sawa. Nikaandika katika makadirio kwamba picha 60 za kwanza nitazipiga mimi kwa siku moja na nusu, mlangoni, asubuhi, huku kijana akijifunza.

Swali la tatu linahusu jina la tovuti, yaani domeni, na hapa nina kosa langu la kueleza. Mwenye hoteli mmoja aliniambia kwamba tayari anayo, nami sikuuliza zaidi. Siku ya kuzindua nilibadilisha seva za majina zielekee kwa mwenyeji mpya wa tovuti, bila kunakili kumbukumbu za MX zinazoelekeza barua pepe. Kwa siku mbili barua za kuomba vyumba hazikufika, na aliyetugutusha ni mgeni aliyepiga simu akilalamika kwamba hajibiwi. Tangu hapo, kabla sijaandika bei, nauliza domeni imesajiliwa kwa akaunti ya nani, nani ana nywila yake, inaisha lini, na kama kuna barua pepe inayotumia jina hilo. Kisha nahakikisha mwenyewe:

```
whois jina-la-duka.co.ug
dig +short MX jina-la-duka.co.ug
```

Amri ya pili ikileta jibu, ujue kuna barua pepe ya kulindwa, hata kama mwenyewe amesahau. Na domeni ikiwa mikononi mwa mtengenezaji wa zamani asiyepatikana, usiahidi tarehe ya kuzindua, kwa maana kuirudisha hakuko ndani ya uwezo wako. Ya Hajati ilikuwa mpya, tukaisajili kwa akaunti yake, barua pepe yake na namba yake.

Kuhusu bajeti nauliza waziwazi, mwishoni, baada ya kazi kueleweka, na nauliza pia kama mwenye duka ataweza kulipia seva na domeni kila mwaka. Wengi hudhani malipo ni ya mara moja tu.

Makadirio niliyompa Hajati yalikuwa kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa oda ya mama wa Arua, imeandikwa hatua kwa hatua, na kando ya kila hatua nimeonyesha kama itafanywa na tovuti au itabaki kwa watu wa duka. Alimwita kijana wa stoo, akamsomesha kwa sauti. Walipofika kwenye nauli ya basi kijana akasema kwamba mizigo ya Gulu hulipiwa na mpokeaji akifika kuichukua. Nikachukua kalamu, nikaongeza mstari huo, na ndipo Hajati akatia sahihi.