Baada ya mazoezi ya kwaya: kumwonyesha mtu kwamba umempenda bila kumbana

Tuchukue Alhamisi moja jioni, kwenye parokia ya mtaa wa Katuba, Lubumbashi. Mazoezi ya kwaya yamekwisha, watu wanafunga vitabu vya nyimbo, wengine wanatoka kutafuta taksibasi kabla giza halijashika. Kijana wa sauti ya tenori amempenda dada mmoja wa alto, wote wawili ni watu wazima, na leo anataka kumsemesha. (Hata kama ni dada ndiye anayeanza, mambo ni yale yale.)

Kwanza ajue kitu kimoja kuhusu mahali penyewe. Huyu dada atarudi Alhamisi ijayo, na kijana atakuwepo. Kwa hiyo hata kama hapendi, hatamjibu kwa ukali. Atatabasamu, atasema asante, pengine atatoa hata namba ya simu ili mambo yaishe vizuri mbele ya watu. Tumelelewa hivyo, kutomwaibisha mtu hadharani. Ndiyo maana tabasamu peke yake halikuambii kitu. Kinachokuambia ni anachofanya pale unapomwachia nafasi ya kuondoka.

Basi nafasi hiyo iwepo tangu mwanzo. Kijana asisimame kati yake na mlango, wala asiegemeze mkono ukutani juu ya kichwa chake. Asimame upande wake, si usoni kwake, umbali wa mkono mmoja ulionyooshwa. Kama kuna kelele ya ngoma na kinanda, wasogee wote wawili mahali penye utulivu ambapo wengine bado wanawaona. Asitumie kelele kuwa sababu ya kusogea sikioni.

Neno la kwanza liwe juu ya kitu ambacho mtu amekifanya au amekichagua. Kusifu umbo la mtu usiyemzoea kunamfanya ajione anapimwa, na baada ya hapo hana la kujibu zaidi ya "asante". Linganisha na hili: "Dada, leo alto mlitubeba kwenye wimbo wa pili. Ile sehemu ya kushuka mliijifunza lini?" Hapo kuna sifa ya kweli na kuna swali ambalo lina jibu. Jina la heshima pia lina uzito. "Dada" linatosha, au jina lake kama mnajuana. "Sheri" siku ya kwanza ni kujipa cheo ambacho hujapewa.

Sasa sikiliza mpira unarudi vipi. Akisema, "Ah, mwalimu alitukamata tangu Jumanne! Na ninyi matenori, mbona mlipotea kwenye ubeti wa tatu?", amefanya mambo mawili: amerefusha jibu na amekuchokoza naye. Uchokozi wa namna hiyo ndio mlango wa utani, na kijana anaweza kujibu kwa utani uleule, akijicheka kidogo yeye na matenori wenzake. Utani wa kupendana unakwenda zamu kwa zamu. Ukiona umechokoza mara tatu na yeye hajarudisha hata mara moja, unachofanya si utani tena, ni kumsumbua.

Lakini akisema "Asante, kaka," akaendelea kufunga begi, hilo ni jibu kamili. Hasa kama jana alikuita kwa jina na leo umekuwa "kaka". Mara nyingi neno hilo linawekwa kama uzio. Kijana aseme, "Haya, tuonane Alhamisi," aondoke yeye wa kwanza. Kuondoka mapema namna hii hakuharibu kitu. Kama dada alikuwa amechoka tu, Alhamisi ijayo ataweza kuanzisha mazungumzo mwenyewe bila woga, kwa sababu ameona kwamba huyu mtu anajua kuachia.

Kuna dalili ambazo watu wanazisoma vibaya. Kutokuangalia machoni ni mojawapo: wengi wamefundishwa nyumbani kuinamisha macho kwa heshima, kwa hiyo macho yanaweza kudanganya pande zote mbili. Mikono iliyokunjwa kifuani, mwezi wa 6 au wa 7, inaweza kuwa baridi ya Lubumbashi tu. Usihukumu kwa dalili moja. Angalia miguu imeelekea wapi, angalia kama anauliza chochote kuhusu wewe, angalia kama majibu yanazidi kuwa mafupi. Na kilicho wazi kuliko vyote: akirudi nyuma hatua moja, wewe baki ulipo. Kama alitaka tu kujinyoosha atarudi mwenyewe. Kama ulikuwa umemkaribia sana, utaona mabega yake yanashuka. Ukimfuata ile hatua, umeshapoteza njia ya kujua, na yeye ameshapoteza raha.

Kumgusa bado. Hata bega, hata kumtoa uzi kwenye nguo.

Mazungumzo yakienda vizuri dakika kumi, usiyarefushe mpaka yachoke. Sema unachotaka, kwa sauti ya kawaida, wakati wenzake hawajakusanyika kusikiliza, maana mbele ya marafiki wanaoshangilia hakuna anayeweza kukataa kwa uhuru. Kijana wetu anaweza kusema: "Ninapenda kuongea na wewe, na si mambo ya kwaya tu. Jumamosi saa kumi, unaweza kuja tunywe fanta pamoja? Kama hapana, sema tu, Alhamisi nitakusalimia vilevile." Siku, saa na jambo vinajulikana, na "hapana" imeshawekwa mezani, hahitaji kuitafutia maneno. Wanaojificha nyuma ya "nataka unisaidie noti za wimbo" wanamfanya akubali kitu kimoja akute kingine, na hapo uaminifu unavunjika kabla haujaanza.

Jibu lake lisome hivi. "Jumamosi nina kilio kwa mjomba, lakini Jumapili nyuma ya misa?" ni ndiyo, kwa sababu ameleta siku yake. "Tutaona", "niko na mambo mengi", "Mungu akipenda", bila siku nyingine, ni hapana iliyovikwa nguo nzuri. Usimwulize kwa nini. Usimtumie yuniti za simu usiku huo. Anayekupa zawadi kabla hujakubali anakuachia deni, na deni linamfanya mtu atabasamu bila kupenda. Hata akikubali, ndiyo ya fanta ni ya fanta. Kumsindikiza hadi kwao gizani ni swali lingine, linaulizwa peke yake.

Mwalimu wa kwaya au kiongozi anayepanga nani ataimba peke yake hayumo katika mfano huu. Kwake yeye utaratibu wote huu haufanyi kazi, kwa kuwa mwimbaji anaogopa kupoteza nafasi, na hakuna dalili ya mwili inayoweza kuaminika juu ya hofu hiyo. Vivyo hivyo dada anayekuuzia mkate dukani: tabasamu lake ni la kazi. Subiri mkutane mahali ambapo anaweza kuondoka.

Na kama jibu lilikuwa hapana, Alhamisi ifuatayo kijana afike saa ileile, akae mahali pake pale pale, amsalimie kama anavyowasalimia wengine wa alto, kwa urefu uleule. Asimtume rafiki kuuliza upya. Asinune. Dada atamwangalia mara mbili au tatu jioni ile kuona kama ahadi ya salamu ilikuwa ya kweli.