Nywele za blondi kuwa kahawia: mng'ao wangu ulipotelea wapi

Juzi usiku msomaji mmoja alinitumia picha na swali la mstari mmoja: "Kaka, mbona nywele zimekuwa kama kofia?" Nilicheka, halafu kicheko kikakata. Neno hilohilo, kofia, niliwahi kuandikiwa na mteja miaka mitano iliyopita, na sijalisahau.

Alikuwa dada mwenye nywele ndefu za blondi, amekaa kando ya dirisha, mwanga ukimwangukia kutoka kushoto. Alikuwa ameamua kurudi kwenye kahawia iliyokolea na alitaka kujiona kwanza kwenye picha kabla hajakaa kwenye kiti cha msusi. Nikamwambia hiyo ni kazi ya nusu saa. Nikafungua Photoshop, nikachagua nywele, nikaweka leya ya Solid Color yenye kahawia nzito, nikaigeuza kuwa Multiply, namna ya kuchanganya leya inayotia giza, nikamtumia. Akajibu: "Asante, lakini hii ni kofia." Kazi akapewa mtu mwingine. Wiki nzima nilikuwa nafungua picha ile usiku, kama mtu anayekagua kidonda.

Kosa nililielewa siku nilipoacha kutazama rangi nikaanza kutazama namba. Kwenye skrini mwangaza huhesabiwa kutoka 0, nyeusi tupu, hadi 255, nyeupe tupu. Kwenye picha yake mwili wa nywele ulikuwa kwenye 170 hivi, na ule mkanda unaong'aa karibu na utosi ulikuwa 240. Tofauti ni 70. Sasa chukua kahawia yenye mwangaza wa 60 na uipitishe kwa Multiply: 170 inashuka hadi 40, na 240 inashuka hadi 56. Ile tofauti ya 70 imebaki 16. Mng'ao haukufichwa na rangi, ulisagwa. Hata ungepunguza Opacity ungepata kofia ileile, ila imepauka.

Najua wengine mnakimbilia Color badala ya Multiply. Nami nilipita huko. Color hubadilisha rangi lakini huacha mwangaza ulivyo, kwa hiyo 170 inabaki 170 na nywele zinakuwa za karameli au za kutu. Hakuna kahawia iliyokolea yenye mwangaza wa 170.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni kwamba nywele za blondi na za kahawia haziwaki kwa namna moja. Unywele wa blondi hupitisha mwanga mwingi ndani, ukazunguka, ukatoka tena, ndiyo maana kichwa kizima huonekana kina nuru na mng'ao hauachani sana na mwili. Wa kahawia humeza sehemu kubwa ya mwanga unaoingia. Kinachobaki waziwazi ni ule uliogonga ganda la juu na kurudi bila kuingia, na huo hubeba rangi ya taa au ya dirisha, si rangi ya unywele. Kwa hiyo ukitoka blondi kwenda kahawia, hutakiwi kulinda tofauti iliyopo tu. Unatakiwa kuikuza.

Hapo ndipo Curves, ule mstari unaoupinda ili kupanga upya mwangaza, inapofanya kazi ambayo Multiply haiwezi. Picha ya yule dada niliirudia baadaye, bila malipo na bila kuombwa, kwa ajili ya roho yangu tu. Vivuli vya 90 nikavishusha hadi 22. Mwili wa 170 nikaushusha hadi 58. Lakini 240 nikaisimamisha kwenye 160. Mstari unatambaa chini kwa sehemu kubwa ya safari, halafu mwishoni unapanda kwa kasi. Mwanzoni mkanda wa mng'ao ulizidi mwili kwa kama mara moja na nusu. Sasa unakaribia mara tatu. Nilipoona nyuzi moja moja zinarudi pale utosini, nilipiga meza.

Msiziige namba zangu kama sala. Pimeni za picha yenu: fungua paneli ya Info, pitisha mshale juu ya mwili wa nywele na juu ya mng'ao, ndipo uamue. Watu hawapendi kupima, wanapenda kubofya, halafu wanalalamika.

Baada ya mwangaza ndipo inakuja rangi. Curves iliyovutwa hivyo hukoleza manjano mpaka ikawa kama haradali, kwa hiyo juu yake naweka Hue/Saturation na kushusha Saturation hadi kama -50. Kisha Solid Color, mimi hutumia `#4A2C1A`, na sasa Color ndiyo mahali pake, kwa sababu giza tayari lipo. Leya zote tatu zinaingia kwenye Group moja yenye maski moja, ili ukirekebisha ukingo mara moja iwe umerekebisha zote.

Ukiishia hapo mng'ao wenyewe utakuwa wa kahawia, na jicho litashtuka bila kujua kwa nini. Bofya mara mbili sehemu tupu ya leya ya Solid Color, pembeni mwa jina lake, shuka hadi Blend If, na kwenye Underlying Layer ivute ile pembetatu nyeupe kuelekea kushoto huku umeshika Alt, au Option kwenye Mac, ili igawanyike. Mimi niliweka nusu moja kwenye 110 na nyingine kwenye 165. Rangi inaanza kuachia taratibu kuanzia 110, na kufikia 165 haipo kabisa, kwa hiyo kwenye nyuzi zinazong'aa zaidi unaonekana mwanga wa dirisha. Usipoigawanya utapata mabaka yenye kingo kali, kama chokaa iliyomwagikia nywele.

Kingo za nywele sitazisimulia sana, zilinila saa mbili na hazina utamu. Itoshe kusema kwamba nyuzi zinazopeperuka mbele ya dirisha hazitakiwi kuwa nyeusi kama mwili. Zipake kwenye maski kwa brashi nyembamba yenye Opacity ya 30 hivi, zibaki na wekundu kidogo, maana hata nywele za kahawia huwaka pale mwanga unapotokea nyuma. Na nyusi zitazame pia, jamani. Nyusi za blondi chini ya nywele nzito zinatangaza kazi yako.

Nikimaliza huweka juu ya kila kitu leya nyeusi yenye Color, picha inageuka nyeusi na nyeupe, kisha naipunguza iwe ndogo kama stempu. Kama mkanda wa mng'ao bado unafuata mzingo wa kichwa, rangi haiwezi kuniangusha. Kama kichwa ni doa moja, narudi kwenye Curves, hata iwe saa nane usiku.

Sasa, kuhusu picha ya msomaji wangu. Nilipoipima utosi wake, mng'ao wote ulisoma 255 kwa upana wa vidole viwili. Pale hakuna nyuzi, hakuna kitu cha kuokoa. Curves ikishusha sehemu hiyo inageuka bamba la kijivu, na huwezi kukuza tofauti ambayo kamera haikuirekodi. Nimemwuliza kama anayo faili ya RAW, kwa sababu mara nyingi ukishusha Highlights humo kabla ya jambo lolote, nyuzi kadhaa hurudi. Kama ana JPEG peke yake, itabidi anakili nyuzi kutoka upande wa pili wa kichwa na kuzipandikiza, moja baada ya nyingine. Bado hajajibu.