Kichefuchefu kinachobaki hata baada ya kuwasha Teleport

"Nimewasha Teleport kwenye mchezo wangu wa miwani ya uhalisia pepe, lakini bado kichefuchefu kinanishika. Tatizo liko wapi?"

Ndugu, ningekagua kwanza namna unavyogeuka. Teleport huondoa safari ya kwenda mbele, kwa kuwa picha hukatika ulipo na kuanza pengine, lakini ukisukuma kijiti cha kidhibiti na chumba kizima kikazunguka mbele yako, macho hupokea habari kwamba mwili unazunguka ilhali sikio la ndani halijahisi chochote, na mgongano huo ndio unaodhaniwa kuleta kichefuchefu. Badilisha Smooth Turn, yaani kuzunguka mfululizo, iwe Snap Turn, yaani kugeuka kwa mruko mmoja, wa nyuzi 30 au 45, au, bora zaidi, geuka kwa miguu yako mwenyewe.

Mpangilio wa Vignette nao hutia giza pembezoni mwa picha wakati wa mwendo, kwa sababu mwendo unaoonekana pembeni huchangia sana hisia ya kusogea. Itakufaa utakapojaribu kutembea kwa kijiti: ianze ikiwa juu kabisa, kisha uipunguze kidogo kidogo.

Jaribu pia kusimama bila kugusa kijiti na kugeuza kichwa tu. Picha ikichelewa au ikitetemeka, huenda chanzo ni mchezo kuilemea mashine, nawe upunguze ubora wa michoro, maana hapo Snap Turn na Vignette hazitatosha. Ukianza kutokwa jasho jembamba au mate kujaa mdomoni, vua miwani papo hapo. Kujikaza huongeza kichefuchefu tu.