Feni inazunguka, madaftari hayajasahihishwa

Wakuu wa shule hapa Tanga wana swali lao wanalolirudia kuhusu walimu: "Tumewapa kila kitu, sasa wanataka nini tena?" Mimi ni mwalimu wa taaluma katika sekondari moja ya hapa mjini, na jibu lililonisaidia ni la mwanasaikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg.

Mwaka 1959 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh. Waliwaomba wasimulie wakati walipoifurahia kazi mno, na wakati walipoichukia mno. Masimulizi ya chuki yalielemea sera za ofisi, usimamizi, mshahara, mahusiano na mazingira. Ya furaha yalielemea kufanikisha jambo, kutambuliwa, kazi yenyewe na kupewa dhamana. Kundi la kwanza Herzberg aliliita la usafi, kwa maana ya kitabibu: maji safi hukukinga na kipindupindu, lakini hayakupi misuli. Ukiondoa kero, mtu anaacha kununa. Kuwa na ari ni habari nyingine.

Kwetu kero zilikuwa wazi. Msimu wa kaskazi ofisi ya walimu ilikuwa tanuri, choo hakikuwa na maji, chai ya saa nne ilikuwa ya kubahatisha. Kamati ya wazazi ikachangia, tukapata feni, tangi la maji, chai na maandazi kila siku. Manung'uniko yakaisha kabisa, na hilo si jambo dogo. Ila nilipopitia madaftari ya wanafunzi, kalamu nyekundu ilikuwa adimu kama zamani. Mkuu alikasirika, akawaona walimu hawana shukrani. Mimi niliona feni imefanya kazi yake yote, hatukuwa na haki ya kuidai zaidi.

Ukitaka kujua ofisi yako inaumwa wapi, usiulize "mna matatizo gani?" Utaletewa orodha ya viti. Kaa na mwalimu mmoja mmoja, mwombe akusimulie siku aliyotoka kazini amefurahi kwelikweli, kisha siku aliyotamani kuacha. Chukua visa viwili tofauti, usivichanganye. Dalili nazo zinatofautiana: penye kero utasikia kelele wakati wa chai, pasipo na ari pana ukimya. Mwalimu anawahi, anafundisha, kengele ikilia anaondoka, na kwenye kikao cha idara habishi lolote.

Mwalimu wetu mmoja wa hisabati kidato cha pili alikuwa hivyo. Nilipomuuliza siku yake njema, alikaa kimya kidogo, akasema, "Madam, ilikuwa kule nilikoanzia. Mtihani nilitunga mwenyewe." Kwetu majaribio yalitungwa taaluma, alama zikarudi taaluma, na wazazi nilizungumza nao mimi. Yeye alibaki mtu wa kupeleka karatasi.

Tukamkabidhi somo zima: atunge majaribio, apange mfuatano wa mada ndani ya muhula, achambue matokeo na kukutana na wazazi mwenyewe. Wajibu haukuondoka, kwani uchambuzi wake aliuleta mbele ya idara, akaulizwa maswali. Madaftari akaanza kuyakusanya bila kusukumwa, maana bila hayo asingejua atunge nini. Humo akagundua wengi wanaandika -(x - 3) kuwa -x - 3, akasimamisha mada mpya mpaka alama hiyo ikae sawa.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mwenzake alipewa klabu ya mazingira na usimamizi wa usafi wa madarasa, eti naye ahamasike. Huko ni kumtwisha mzigo. Katika makala yake ya 1968 Herzberg alitenganisha mambo haya mawili: kumrundikia mtu kazi za kiwango kilekile, na kumpa uamuzi uliokuwa wa bosi wake. Kipimo changu ni kuuliza mimi nimeachia nini. Kama sijaachia kitu, sijampa dhamana.

Nadharia yenyewe ina nyufa. Watu hupenda kujisifu kwa mema na kulaumu mazingira kwa mabaya, kwa hiyo masimulizi yao yana upendeleo. Na mshahara haukai kundi moja: kupanda daraja ni pesa, na ni kutambuliwa pia. Tena mkuu wa shule hapangi mshahara wa serikali. Anachoweza ni kuhakikisha barua ya mwalimu anayedai malimbikizo haikwami mezani kwake, na kuifuatilia halmashauri. Fanya hilo kabla ya kumpa cheti cha mwalimu bora mbele ya paredi. Mwalimu anayedai haki yake akikabidhiwa cheti, ofisi nzima itacheka, na yeye atakuwa wa kwanza.