Mteja wa kwanza kanipa paswedi zake, naanza Jumatatu

> Wakuu, nataka kujiajiri kwa kutunza vitabu vya hesabu vya biashara ndogo, kazi ya mtandaoni. Nitoe huduma zipi na nijifunze programu gani kwanza? Nimeshapata mteja, kanitumia kwa imeli paswedi ya programu yake ya hesabu na ya benki, naanza Jumatatu.

Mkuu, usiingie. Jumatatu isikukute ndani ya akaunti ya mtu kwa jina lake. Nimesoma swali lako nikajiona mwenyewe, na sikupenda nilichokiona.

Mimi nilifundishwa kazi hii na jamaa mmoja wa kozi za video. Alitamba kwamba mteja akikupa paswedi zake ujue kakuamini, usimchoshe kwa maswali. Nikamwamini, na hela ya kozi nikalipa. Leo nikikutana naye nitamsalimia tu, maana nimelelewa vizuri.

Mteja wangu alikuwa na duka la vipuri. Alinitumia paswedi mbili kwenye imeli moja, kama wewe. Programu ilikuwa na mtumiaji mmoja tu, yeye mwenye mali, na humo tulikuwa tunaingia watu watatu: yeye, mpwa wake, na mimi. Kila Alhamisi nilitoa kwenye programu orodha ya wauzaji wanaodai pamoja na namba zao za akaunti, naingia benki kama yeye, napakia orodha, benki inamtumia namba ya uthibitisho kwenye simu, naye ananirushia. Baada ya miezi 8 alikuwa anairusha bila hata kusoma ujumbe ulisema nini. Tulijiona wepesi kweli.

Imeli yangu nayo nilikuwa nimeiwekea paswedi ileile niliyotumia kwenye tovuti moja ya zamani iliyowahi kudukuliwa. Mtu akaingia, akatafuta neno "paswedi", akaikuta ile imeli ya mteja imekaa tu. Hakugusa benki, kwa sababu namba ya uthibitisho hana. Aliingia kwenye programu ya hesabu, akafungua ukurasa wenye taarifa za muuzaji mkubwa kuliko wote, akabadilisha namba yake ya akaunti ya benki, akatoka. Basi.

Alhamisi nikatoa orodha kama kawaida. Wauzaji 3, majina sahihi, kiasi sahihi. Nikapakia, nikaomba namba, nikabonyeza. Yaani pesa niliituma mimi, kwa mkono huu unaokuandikia.

Hakuna aliyejua kwa siku 19, mpaka muuzaji alipopiga simu kudai. Na hapa ndipo nataka ushike sana. Vitabu vilikuwa safi. Nilishalinganisha na stetimenti ya benki na tofauti ikawa sifuri, kwa sababu kulinganisha kunakuonyesha kwamba kiasi kilichotoka ndicho kilichoandikwa. Hakukuonyeshi kimemfikia nani. Ukitaka kujua hilo unaomba kwa muuzaji taarifa yake ya deni kila mwisho wa mwezi, unaiweka kando ya yako. Mimi sikuwa naomba.

Tukafungua kumbukumbu ya mabadiliko. Namba ya akaunti ilibadilishwa Jumanne, saa sita kasoro dakika ishirini usiku, na jina lililoandikwa ni la mwenye mali. Yeye anasema si yeye. Mpwa anasema si yeye. Mimi nasema nilikuwa nimelala, na shahidi wangu ni mke wangu ambaye naye alikuwa amelala. Kumbukumbu ile imewekwa ili ijibu swali la nani kafanya nini, na sisi tulikuwa tumeizima mdomo kwa kuingia watatu kwa jina moja. Kila nilichokiandika kwa miezi 8, kizuri na kibaya, kilikuwa chini ya jina la mtu mwingine. Sikuwa na mstari hata mmoja wa kusema "huyu ndiye mimi, na yule siye".

Benki ikajibu kwa ufupi: mteja kagawa paswedi na namba ya uthibitisho kwa hiari yake, hasara ni yake. Yeye akanigeuzia mimi. Tukakubaliana nilipe nusu, na nikailipa kwa kumfanyia kazi bure miezi 11. Nikimaliza mwezi wa kazi bure namtumia ripoti, ananijibu "asante sana". Sijui kama ilikuwa dhihaka.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: ingia kwa jina lako, na usiwe na uwezo wa kutoa pesa. Paswedi ya mtu usiipokee, hata akikubembeleza.

Haina ugumu. Kwenye QuickBooks Online mteja anabonyeza alama ya gia, `Manage users`, sehemu ya `Accountants`, anaandika imeli yako na kukualika. Kwenye Xero anakualika kupitia `Settings`, kisha `Users`, na anachagua mwenyewe uone nini. Unafungua kwa paswedi yako, yenye uthibitisho wa hatua mbili, na kila unachogusa kinaandikwa kwa jina lako. Siku mkiachana anakuondoa, wala hahitaji kubadilisha kitu kingine.

Upande wa benki, aombe mtumiaji wa kuangalia tu. Benki yake ikiwa haina, adondoshe stetimenti mwenyewe kila wiki kwenye folda aliyoifungua yeye, siyo kwenye imeli yako. Miamala ikivutwa moja kwa moja kutoka benki, aunganishe yeye kwa mkono wake. Malipo wewe unaandaa, yeye anaachia. Na muuzaji akibadilisha akaunti, kabla ya kulipa kuna mtu anapiga simu kwa namba iliyo kwenye ankara ya zamani. Ile iliyokuja na barua ya mabadiliko usiipige, maana atakayepokea ni mwizi, na atakuthibitishia kwa adabu zote.

Programu uliuliza, nimesahau. Chukua moja kati ya hizo mbili nilizotaja, ile anayoitumia mteja wako. Toleo la QuickBooks Online la wahasibu unajisajili bure, na Xero ina kampuni ya mfano ya kuchezea, kwa hiyo kosea humo kwanza. Huduma anza na kuandika miamala na kulinganisha na benki. Mishahara ya watu iache kwanza, hapo unashika namba za vitambulisho na siri za kila mfanyakazi, na bado hujajua hata folda zako unazifungaje.

Sasa leo usiku mwandikie hivi: "Nimeona paswedi ulizonitumia, sijazitumia na nimefuta ile imeli. Tafadhali zibadilishe zote mbili leo, halafu nialike kwenye programu kwa imeli yangu. Benki nitahitaji kuona tu, malipo utaachia wewe." Kisha kweli uifute, na kwenye taka pia.

Akisema anaona usumbufu, mwambie mwaliko ni dakika 5. Akisisitiza uingie kwa jina lake, mwachie kazi yake. Mimi wa hivyo nimeshawaacha wawili tangu hapo, na mmoja alirudi baada ya wiki tatu akiwa na mwaliko.