Kumwomba wakala wa ajira akuondoe kwenye orodha

"Mimi ni mhasibu hapa Nyegezi, na wakala wa ajira ananitumia nafasi za udereva wa malori kila wiki. Nimwambieje aniondoe bila kumkera?"

Mwandikie hivi, kwa kujibu ujumbe wake wa mwisho: "Ndugu, nashukuru kwa taarifa zako. Nafasi unazonitumia haziendani na taaluma yangu ya uhasibu, hivyo naomba ufute jina langu, namba hii na wasifu wangu katika kumbukumbu za ofisi yenu, kisha unithibitishie kwa maandishi."

Neno "ufute" ndilo lenye uzito. Niliwahi kupanga wasifu katika ofisi ya namna hiyo mjini Mwanza, na tulipoambiwa "usinitumie tena" tulimweka mtu pembeni tu, jina likabaki kwenye jedwali ambalo maofisa wote walilitumia. Ndiyo maana anayekushauri uzuie tu namba yake yuko sahihi nusu, kwani ofisa mwingine atakutafuta kwa namba nyingine. Taja pia barua pepe uliyojiandikishia, maana wengi wameandikwa mara mbili.

Akiendelea, mkumbushe mara moja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo inakupa haki ya kuzuia taarifa zako zisitumike kwa matangazo ya biashara na Tume yake hupokea malalamiko, ingawa kama ujumbe wa ajira unahesabika kuwa matangazo ya biashara ni jambo la kubishaniwa.

Ikiwa bado unataka nafasi za uhasibu za Kanda ya Ziwa, omba abadilishe fani uliyoandikiwa, usiombe kufutwa.